Umeajiriwa na una biashara ndogo pembeni? Jaza ritani ya KRA hivi, hatua kwa hatua

Kila mwaka, Juni ikikaribia mwisho, maswali yanayokuja ni yaleyale. Mtu ana kazi ya mshahara, mwajiri anamkata kodi kila mwezi, na pembeni anauza keki, anashona, anatengeneza simu au anauza mitumba. Anaingia iTax, anajaza ile fomu fupi ya walioajiriwa, anapata stakabadhi na kufurahi. Mapato ya biashara hayakuandikwa popote. Mwingine anajaribu fomu ndefu, mwishoni inamwambia anadaiwa maelfu asiyoyaelewa, naye anaifunga.

Mwongozo huu ni wa Kenya, kwa mapato ya mwaka 2025, ambayo ritani yake mwisho ni tarehe 30 Juni 2026. Unamhusu mwajiriwa ambaye mauzo ya biashara yake hayafiki shilingi milioni 1 kwa mwaka.

Mpaka huo wa milioni 1 una maana kubwa. Mauzo yakiwa kati ya milioni 1 na milioni 25, kwa kawaida unaingia kwenye kodi ya mauzo ghafi, asilimia 3 ya mauzo yote, inayolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Huo ni utaratibu mwingine. Chini ya milioni 1 hutozwi kodi hiyo, na hapo ndipo wengi hudhani hawadaiwi chochote. Sivyo. Faida ya biashara inajumlishwa na mshahara, na jumla hiyo ndiyo inayopigiwa hesabu ya kodi ya mapato.

## Andaa hivi kabla ya kugusa iTax

- P9 ya mwaka mzima kutoka kwa mwajiri. Kama ulibadilisha kazi katikati ya mwaka, unahitaji P9 za waajiri wote wawili.
- PIN yako na nenosiri la iTax, pamoja na PIN ya mwajiri. Ya mwajiri iko juu ya P9.
- Taarifa ya malipo ya tili au ya Pochi la Biashara, kuanzia 1 Januari hadi 31 Desemba.
- Ankara za eTIMS, yaani mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, za ulichouza na za ulichonunua.
- Daftari la mapato na matumizi. Nitaonyesha la Google Sheets.
- Kompyuta yenye Microsoft Excel halisi. Simu haitoshi kwa fomu hii, na Google Sheets haiwezi kuifungua ikafanya kazi, kwa sababu fomu inaendeshwa na makro.

Kama huna kompyuta, nenda saiba ukiwa na nakala zako zote, lakini tarakimu uzipange mwenyewe nyumbani. Mhudumu wa saiba hajui ulinunua unga wa shilingi ngapi. Ukimwachia, atakujazia fomu fupi, maana ndiyo anayoizoea.

## Mfano tutakaoufuata

Tumchukue karani wa ghala mjini Mombasa. Mshahara wake ghafi ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Wikendi anaoka keki za harusi na za siku ya kuzaliwa. Mwaka 2025 aliuza keki za 440,000. Alitumia hivi:

- unga, sukari, siagi na vitu vingine vya dukani: 200,000
- mayai kutoka kwa mfugaji wa mtaani: 60,000
- maboksi na vibao vya keki: 34,000
- gesi: 26,000

Jumla ya gharama ni 320,000, faida 120,000. Usafirishaji haumo, kwa kuwa mteja humlipa mwenye boda boda moja kwa moja. Huo ni uamuzi mzuri. Fedha isiyopita mikononi mwako si mauzo yako wala si gharama yako, na hutahangaika kuitafutia ankara.

## Hatua ya 1: Tenga fedha ya biashara na yako binafsi

Ikiwa wateja wanakulipa kwenye namba yako ya kawaida ya M-Pesa, taarifa yako itakuwa na ada ya chama, pesa aliyotuma shemeji, marejesho ya mkopo na malipo ya keki, vyote pamoja. Kutenganisha miezi 12 ya namna hiyo ni kazi ya siku nyingi, na bado utakosea.

Chukua tili ya Lipa na M-Pesa, au Pochi la Biashara kama hutaki tili. Kwenye tili, aplikesheni ya M-PESA for Business inakuonyesha mauzo ya siku na inakuwezesha kuomba taarifa ya kipindi chochote. Fedha ya nyumbani ichukue kwenye tili kwa kiasi maalumu, tuseme mara moja kwa wiki, uiandike kuwa ni matumizi ya mwenye biashara. Hiyo si gharama ya biashara na haipunguzi faida.

Kama mwaka 2025 umeshapita ukiwa umechanganya, omba taarifa ya namba yako kwa kupiga `*334#` au kupitia aplikesheni ya M-Pesa. Inakuja kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa, na namba ya kuifungulia inatumwa kwa simu. Ipitie mwezi kwa mwezi na uwekee alama malipo ya wateja tu.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja mauzo ya mwezi wowote bila kuuliza mtu na bila kukisia.

## Hatua ya 2: Daftari la safu sita

Aplikesheni za hesabu ziko nyingi na baadhi ni nzuri, lakini kwa biashara ya ukubwa huu mimi napendekeza Google Sheets. Ni bure, iko kwenye simu, na hata ukibadilisha simu, daftari linabaki. Zaidi ya hayo, inakuruhusu kuongeza safu ambayo aplikesheni nyingi hazina: namba ya ankara ya eTIMS.

Tengeneza safu hizi kuanzia A hadi F: Tarehe, Aina, Kundi, Kiasi, Namba ya ankara, Maelezo. Kwenye Aina andika maneno mawili tu, `Mauzo` au `Gharama`, kwa tahajia ileile kila mara. Ukiandika "mauzo ya keki" mahali pengine, hesabu itairuka.

Kisha pembeni, kwenye safu ya H, weka hesabu tatu, kila moja kwenye kisanduku chake:

```
=SUMIFS(D:D,B:B,"Mauzo")
=SUMIFS(D:D,B:B,"Gharama",E:E,"<>")
=SUMIFS(D:D,B:B,"Gharama",E:E,"")
```

Ya kwanza inatoa mauzo yote. Ya pili inatoa gharama zenye ankara. Ya tatu inatoa gharama zisizo na ankara, na hiyo ndiyo ya kuitazama kila mwisho wa mwezi, kwa sababu inakuonyesha kodi ya ziada utakayolipa bila sababu.

Andika siku ileile. Keki ikichukuliwa, andika kabla hujazima tanuri. Taarifa ya tili itakukumbusha mauzo hata baada ya miezi, lakini hakuna kitakachokukumbusha kwamba ule mfuko wa sukari ulitumika kwenye keki na si kwenye chai ya nyumbani.

## Hatua ya 3: Gharama zako ziwe na ankara ya eTIMS

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tangu 1 Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS kwa kawaida haikubaliwi kupunguzwa kwenye faida, isipokuwa zile chache ambazo sheria imezisamehe, kama mishahara. Na kwa ritani za mapato ya 2025, KRA ilitangaza kwamba italinganisha mapato na gharama unazoandika na kumbukumbu za eTIMS, kodi ya zuio na forodha. Ukiandika gharama ambayo mfumo hauioni, itaonekana.

Turudi kwa mwokaji wetu. Unga, sukari na maboksi alinunua madukani, na gesi kwa wakala mkubwa. Wote hao hutoa ankara ya eTIMS. Ila kuna jambo moja analopaswa kulifanya kila mara: amwambie mhudumu wa malipo namba yake ya PIN kabla risiti haijatoka. Risiti ikitoka bila PIN yako, ununuzi huo ni halali kwa duka, lakini mfumo haujui kuwa wewe ndiye uliyenunua. Angalia risiti pale pale kaunta. Inapaswa kuwa na PIN yako na msimbo wa QR. Ukiskani msimbo huo, unafungua ukurasa wa KRA wenye kiasi kilekile.

Mayai ndiyo shida. Mfugaji wa mtaani hana eTIMS, na hayuko peke yake. Kwa mfanyabiashara mdogo au mkulima ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka, sheria inamruhusu mnunuzi kuanzisha ankara yeye mwenyewe. Wewe unaiandika kwenye eTIMS ukiwa mnunuzi, muuzaji anaithibitisha kwa simu yake. Anahitaji PIN, basi. Mweleze mapema, maana wauzaji wengi huogopa wakisikia KRA, na ana haki ya kujua kwamba mauzo yake yataonekana. Akikataa, tafuta mwingine anayekubali au nunua mayai dukani hata kama trei imepanda kidogo.

Je, trei ikipanda inalipa? Piga hesabu. Mshahara wa mwokaji wetu umeshamfikisha kwenye kiwango cha asilimia 30, kwa hiyo kila shilingi 100 ya gharama isiyokubaliwa inamgharimu kodi ya shilingi 30. Mayai ya 60,000 bila ankara yanamwongezea kodi ya 18,000. Hata duka likimuuzia kwa asilimia 10 zaidi, yaani 6,000 kwa mwaka, bado amebaki na nafuu kubwa.

Na upande wa mauzo, toa ankara wewe pia. Kwa biashara ndogo isiyo ya VAT, eTIMS Lite inatosha: ingia kupitia eCitizen au piga `*222#` ufuate menyu. Andika bidhaa, kiasi na bei, mfumo unakupa namba ya ankara. Ihamishie kwenye safu ya E.

Tahadhari: kodi ya nyumba unayoishi, karo, nguo na chakula cha familia si gharama za biashara hata kama una ankara yake. Na tanuri jipya halipunguzwi lote kama unga. Linakwenda kwenye sehemu ya fomu ya makato ya rasilimali, ambako hupunguzwa kwa viwango vilivyowekwa.

Utajua umefaulu kisanduku cha tatu cha safu ya H kikisoma 0, au karibu na hapo.

## Hatua ya 4: Linganisha namba tatu za mauzo

Kabla ya kujaza chochote, andika pamoja mauzo ya mwaka kulingana na daftari, kulingana na taarifa ya tili, na kulingana na eTIMS. Kwa mwokaji wetu: daftari 440,000, tili 412,000, eTIMS 440,000. Tofauti ya 28,000 kati ya daftari na tili ni keki zilizolipwa kwa fedha taslimu, na kwenye daftari zimeandikwa hivyo. Hakuna tatizo.

Ingekuwa tili ni 440,000 na eTIMS 412,000, hapo kuna ankara ambazo hazikutolewa, na zinapaswa kutolewa. Namba ya kuandika kwenye ritani ni mauzo halisi, hata kama ndiyo kubwa kuliko zote tatu.

Mara nyingine tili inaonyesha zaidi kwa sababu mteja aliweka amana ya harusi ikarudishwa. Tafuta muamala wa kurudisha, uuandike kwenye Maelezo, kisha utoe.

## Hatua ya 5: Rekebisha PIN yako

PIN nyingi za waajiriwa zilisajiliwa kwa chanzo kimoja cha mapato, ajira. Ingia iTax, nenda `Registration`, kisha `Amend PIN Details`, ufungue sehemu ya `Source of Income` na uongeze mapato ya biashara pamoja na aina ya biashara na tarehe ulipoanza. Weka tarehe ya kweli.

Fanya hili mapema, si tarehe 29 Juni. Mabadiliko ya PIN yanaweza kuhitaji kupitishwa, na wiki ya mwisho ya Juni iTax hulemewa na watu.

## Hatua ya 6: Pakua fomu ndefu na uifungue sawasawa

Nenda `Returns`, `File Return`, chagua `Self`, kisha `Income Tax - Resident Individual`. Utaona njia mbili. Ile ya mapato ya ajira pekee iache, haina mahali pa biashara. Pakua fomu ya Excel inayoitwa IT1.

Inakuja ndani ya faili ya `.zip`. Toa fomu nje ya zipu kwanza, uihifadhi kwenye folda ya kawaida. Ukiifungua ikiwa bado ndani ya zipu, utajaza kila kitu na kitufe cha mwisho hakitafanya kazi.

Kisha, kabla ya kuifungua, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua `Properties`, weka alama kwenye `Unblock` kama ipo, ubofye `OK`. Windows huzuia makro za faili zinazotoka mtandaoni, na hiki ndicho chanzo kikubwa cha malalamiko kwamba "fomu haijazi". Ukiifungua, bofya `Enable Editing` na `Enable Content`.

Utajua umefaulu ukibadilisha jibu moja kwenye ukurasa wa kwanza na kurasa nyingine zikatokea au kufichika.

## Hatua ya 7: Jaza kwa mpangilio huu

Ukurasa wa kwanza. Andika PIN, chagua `Original`, na kipindi 01/01/2025 hadi 31/12/2025. Tarehe zinakwenda siku, mwezi, mwaka. Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani hugeuza siku na mwezi, na fomu inakataa bila maelezo ya kueleweka. Ikitokea, badilisha mpangilio wa tarehe kwenye Windows.

Hapo chini kuna maswali ya ndiyo na hapana. Lile linalouliza kama una mapato mengine zaidi ya ajira lijibu ndiyo. Jibu hilo ndilo linalofungua kurasa za biashara.

Ukurasa wa faida na hasara. Mauzo 440,000. Gharama za kununua bidhaa na malighafi, kisha gesi na nyinginezo, jumla 320,000. Kama tarehe 31 Desemba ulibaki na unga na siagi nyingi, thamani yake inaingia kama mali iliyobaki, na mwaka ujao inaanza kama mali ya mwanzo. Fomu ikidai mizania, weka vitu vilivyopo kweli: bidhaa zilizobaki, fedha iliyo kwenye tili, mtaji wako. Pande mbili lazima zilingane.

Ukurasa F, mapato ya ajira. PIN ya mwajiri, jina lake, na mshahara ghafi kutoka P9: 720,000. Andika ghafi. Wengi huandika kile kilichofika benki.

Ukurasa M, kodi iliyokatwa na mwajiri. Kuna namba tatu, na zote unazipata kwenye safu za jumla za P9. Kwa mfano wetu, mapato ya ajira yanayotozwa kodi ni 647,640, kodi juu yake ni 131,692, na kodi iliyokatwa ni 102,892. Tofauti ya mbili za mwisho ni 28,800, nafuu ya mtu binafsi ya mwaka mzima. Kama kwako tofauti si hiyo na huna nafuu nyingine kama ya bima, huenda ulifanya kazi miezi pungufu au P9 ina kosa. Mrudie mhasibu kabla ya kuendelea.

Ukurasa T, hesabu ya kodi. Hapa ndipo watu huogopeshwa na deni lisilo lao, kwa hiyo twende polepole.

Fomu inachukua mshahara ghafi wa 720,000 na kuongeza faida 120,000. Haijui kwamba mwajiri alikwisha kutoa michango yako kabla ya kukata kodi. Lazima uiandike mwenyewe katika sehemu ya makato ya ukurasa huu. Kwa mwokaji wetu, mwaka 2025:

- NSSF: 2,160 ya Januari, na 3,600 kwa miezi 11 kuanzia Februari viwango vilipopanda. Jumla 41,760.
- SHIF, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi: 19,800.
- Tozo ya nyumba, asilimia 1.5: 10,800.

Jumla ni 72,360. SHIF na tozo ya nyumba zinapunguzwa hivi tangu marekebisho ya sheria yaliyoanza 27 Desemba 2024, kwa hiyo usifuate maelekezo ya zamani yanayokwambia uzihesabu kama nafuu ya asilimia 15.

Ukisahau mstari huu wa makato, fomu itakudai 21,708 zaidi ya haki. Kwa mwajiriwa, deni la kushangaza kwenye ukurasa T mara nyingi linatokana na hapa. Mengine hutokana na nafuu ya mtu binafsi kuachwa wazi, iandike 28,800.

Sasa hakiki kwa mkono. Mapato yote yanayotozwa kodi ni 720,000 toa 72,360 ongeza 120,000, sawa na 767,640.

- 288,000 za kwanza kwa asilimia 10: 28,800
- 100,000 zinazofuata kwa asilimia 25: 25,000
- 379,640 zilizobaki kwa asilimia 30: 113,892

Jumla 167,692. Toa nafuu 28,800, inabaki 138,892. Toa kodi ya mwajiri 102,892. Deni ni 36,000.

Njia ya mkato ya kujihakikishia: mtu aliyeko kwenye kiwango cha asilimia 30 anadaiwa takriban asilimia 30 ya faida yake ya biashara. Asilimia 30 ya 120,000 ni 36,000. Fomu ikitoa namba iliyo mbali na hiyo, usiipakie. Kuna kisanduku ulichokiruka.

## Hatua ya 8: Hakiki na upakie

Bofya `Validate`. Makosa yakiwepo, fomu inayataja kwa ukurasa na kisanduku. Yasipokuwepo, inatengeneza faili mpya ya `.zip`, kwa kawaida kwenye folda ya `Documents`. Usibadilishe jina lake wala usiifungue. Rudi iTax pale ulipopakua fomu, pandisha faili hiyo, kubali masharti na utume.

Utajua umefaulu ukipata stakabadhi ya PDF iitwayo `e-Return Acknowledgement Receipt`. Ujumbe kwamba faili imepokelewa hautoshi. Bila stakabadhi, hujawasilisha.

## Hatua ya 9: Lipa, na jua tarehe yako ya kulipa

Hili wengi hawalijui: ritani mwisho wake ni 30 Juni, lakini deni la kodi mwisho wake ni 30 Aprili. Ukilipa pamoja na ritani mwishoni mwa Juni, umechelewa miezi miwili. Adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5, na riba asilimia 1 kwa mwezi. Kwenye deni la 36,000 hiyo ni 1,800 ya adhabu na 720 ya riba, jumla 2,520. Kwa hiyo jaza fomu mwezi Machi au Aprili, P9 ikishatoka.

Nenda `Payments`, `Payment Registration`. Chagua `Income Tax`, kisha `Income Tax - Individual(Resident)`, na aina ya malipo `Self Assessment Tax`, kwa mwaka 2025. Mfumo unatoa hati yenye namba ya PRN. Lipa benki au kwa M-Pesa, Paybill `222222`, PRN ikiwa namba ya akaunti.

Tahadhari: ukichagua aina nyingine ya malipo au mwaka usio sahihi, fedha itapokelewa lakini deni litabaki palepale, na kuihamisha ni barua na kusubiri.

Jambo moja zaidi kuhusu kiasi. Deni la mwaka, baada ya kutoa kodi ya mwajiri, likizidi shilingi 40,000, unatakiwa kulipa kwa awamu ndani ya mwaka wenyewe. Mwokaji wetu yuko chini ya mpaka huo. Ila kama mayai yake yasingekuwa na ankara, faida ingehesabiwa 180,000, deni lingekuwa 54,000, naye angeuvuka.

## Mambo yakienda kombo

Umeshatuma fomu fupi bila biashara. Tumia `File Amended Return`, ujaze fomu ndefu upya, safari hii ukichagua `Amended`. Ni afadhali urekebishe mwenyewe kabla KRA haijakuandikia.

Umechelewa kuwasilisha. Faini kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa. Wasilisha hata hivyo, maana riba ya deni haisimami.

Biashara imepata hasara. Iandike na uhifadhi ushahidi wake. Usitarajie kuitoa kwenye mshahara ili urudishiwe kodi ya mwajiri. Hasara ya biashara inasogezwa mbele ipunguze faida ya biashara hiyo.

Mauzo yanakaribia milioni 1. Angalia kisanduku cha kwanza cha safu ya H kila mwezi. Ukivuka, unahamia kodi ya mauzo ghafi, na hapo gharama hazina nafasi. Kwa mauzo ya 1,100,000 utalipa 33,000 uwe umepata faida kubwa au ndogo.

Hifadhi P9, stakabadhi, taarifa za tili na ankara kwa miaka 5, kwenye folda moja kwa kila mwaka. Siku chache baada ya kulipa, ingia iTax tena, fungua leja yako kwenye menyu ya `My Ledger` na uangalie mwaka 2025. Unatakiwa kuona kodi ya 36,000 upande mmoja, malipo ya 36,000 upande wa pili, na salio 0. Kama malipo hayaonekani, chukua PRN na ujumbe wa M-Pesa uwasilishe KRA ukiwa bado nayo kwenye simu.